Mama Ziada na Saa za Marehemu

TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE. Uongozi wa Shirika la Tone, kwa furaha isiyo na kifani na kwa kuzingatia kikao chake cha kawaida, unawatangazia kwamba Bi Stamili Bwanali, karani wa mahudhurio, ofisi ya Newala, ametunukiwa Cheti cha Uadilifu wa Saa. Katika utumishi wake wa miaka kumi na sita hakuna siku ya mfanyakazi yeyote iliyozidi wala kupungua. Mgawanyo wa saa katika miradi umekuwa ukilingana na saa zilizolipwa, siku kwa siku, kama maji katika mizani. Wote mnaombwa kuhudhuria Masasi, Ijumaa. Soda zitakuwepo.

Ndivyo lilivyosomeka, limebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya Newala, chini kidogo ya tangazo lingine, la tangu mwezi uliopita, lililosema kwamba shirika linaomba radhi kwa kukosekana kwa maji chooni. Shirika la Tone lina mradi wa maji. Mtu asicheke.

Stamili alilisoma mara moja, akalinyoosha kona moja iliyokuwa imejikunja, akaingia chumbani kwake. Ofisini hakuna anayemwita Stamili. Mtoto wake wa kwanza anaitwa Ziada, kwa hiyo yeye ni Mama Ziada, na Mungu anajua alichokuwa anafikiria alipomfanya mwanamke mwenye jina hilo kuwa ndiye anayekataa ziada za watu.

Kazi yake ni hii. Shirika lina miradi mitatu na kila mradi una mfadhili wake: Maji, ambao ni namba 210, Lishe, namba 340, na Korosho, namba 115. Kuna namba 900 ya shughuli za pamoja, kama kikao cha ofisi nzima, na namba 950 ya likizo, sikukuu na ugonjwa. Mfanyakazi ni mmoja, mshahara mmoja, lakini siku yake inagawanywa kama nyama ya mbuzi wa akika. Asubuhi ulikuwa Maji saa tano, mchana ukaenda Lishe saa tatu. Taimshiti, ile fomu ya kugawanya saa, inaandika tano na tatu, jumla nane. Kitabu cha mahudhurio pale getini kinasema uliingia saa moja na nusu na kutoka saa kumi, ukiondoa nusu saa ya chakula inabaki nane. Orodha ya mishahara inasema umelipwa nane. Hizo nane tatu zikisalimiana, Mama Ziada anagonga muhuri. Moja ikinuna, taimshiti inarudi kwa mwenyewe.

"Huyu mama angekuwepo siku ile Mungu anaumba dunia," aliwahi kusema Nasibu fundi pampu, "angemrudishia ile siku ya saba. Angemuuliza, kupumzika umeandika namba gani?"

"Mia tisa hamsini," alijibu Mama Ziada bila kuinua kichwa.

Nasibu Swalehe alikuwa ndiye mfanyakazi pekee aliyeruhusiwa kukaa kwenye meza yake wakati wa kujaza. Mikono yake ilijua pampu, jenereta na mashine za kupulizia mikorosho salfa, lakini zile namba zilimkataa. Mia mbili na kumi, mia tatu na arobaini, kwake zilikuwa kama namba za simu za watu asiowajua. Alikuwa na daftari la shule lenye jalada la kijani, na humo alichora. Akifanya kazi ya Maji anachora ndoo. Korosho anachora korosho, ile iliyojikunja kama figo. Lishe anachora sufuria. Pembeni ya kila mchoro anachora vijiti, kijiti kimoja kwa kila nusu saa, na cha tano kinalala juu ya vinne, kama watu wanavyohesabu magunia ghalani. Mwisho wa mwezi wanakaa wawili, yeye anasoma michoro, Mama Ziada anaandika saa, yeye anaweka sahihi.

"Vijiti kumi ndoo, sita sufuria."

"Tano na tatu. Nane. Sahihi."

Miaka tisa walifanya hivyo. Tarehe kumi na saba Julai, siku ya Alhamisi, Nasibu alianguka kando ya pampu ya Mkunya, saa tano ya asubuhi. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshaondoka.

Alizikwa kesho yake, Ijumaa, kabla ya swala. Ofisi ilifungwa, magari yote mawili yakapakia watu, na Mama Ziada aliketi na wanawake kwenye mkeka wa nyumba ya marehemu pale Mkunya, akamshika mkono Faidha, mjane, ambaye hakulia kwa sauti. Alikuwa akiuliza jambo moja tu, mara kwa mara, kama mtu aliyepoteza ufunguo: "Alikunywa chai kweli? Nani alimwona akinywa chai?"

Mkuu wa mradi wa Maji ni Twahiru, mtu mpole, tumbo mbele, moyo mbele zaidi. Jumatatu alirudi ofisini akiwa na macho mekundu na nia njema, na nia njema katika uhasibu ni kama kiberiti kwenye banda la nyasi. Alijua mjane hatapata malipo ya mwisho bila taimshiti ya mumewe. Alijua marehemu hawezi kujaza. Basi akaketi kwenye kompyuta na kumjazia: Maji, saa nane, kila siku, tarehe moja mpaka kumi na saba. Na kwa kuwa siku hiyohiyo alikuwa anaijazia timu nzima safu ya Ijumaa, akaandika kwa majina yote kumi na mawili maneno aliyozoea kuandika watu wengi wakikusanyika kijijini: "Mkutano wa jamii, Mkunya. Saa nane. 210."

Jina la Nasibu lilikuwa la saba kwenye orodha.

Kwa hiyo, kwa mujibu wa kumbukumbu za Shirika la Tone, fundi Nasibu Swalehe alihudhuria mazishi yake mwenyewe kwa muda wa saa nane, kwa gharama za mfadhili wa maji.

Mfumo hauna huzuni, lakini una rangi. Jumatano Mama Ziada alipoufungua, safu ya tarehe kumi na nane ilikuwa nyekundu kama pilipili: zilizogawanywa nane, zilizolipwa sufuri, maana mshahara wa marehemu uliishia siku aliyofariki. Kabla hajanyanyua simu, simu ikalia. Alikuwa Lameck, mhasibu mkuu wa Masasi, kijana aliyefika mwaka huu na ambaye hata akisalimia husikika kama anasoma risiti.

"Mama Ziada, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimeiona taimshiti ya marehemu. Mtu amefanya kazi siku ya kuzikwa kwake."

"Nimeiona."

"Siyo hiyo tu. Amefanya kazi ya Maji tarehe saba, Sabasaba, nchi nzima imefunga. Na amefanya Maji tarehe nane mpaka kumi na moja, wakati taarifa ya mradi huohuo inasema pampu ya Mkunya haikuwa na dizeli wiki nzima. Mama, karatasi yote hii ni ya kutunga. Sasa mimi nitajuaje kwamba siku zilizobaki alikuwa kazini?"

"Alikuwa kazini."

"Thibitisha. Siku kumi na tatu, saa mia moja na nne, kila siku na mradi wake. Vitabu vya mwezi ninafunga tarehe thelathini na moja. Zikifika hazijathibitishwa, malipo yake nayaweka pembeni hadi wakaguzi waje."

"Wanakuja lini?"

"Machi."

Mama Ziada alikata simu, akahesabu kwa vidole. Hadi Machi ni miezi minane. Faidha alikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi asitoke nyumbani, na binti yake Hajira alikuwa kidato cha nne. Akamfuata Twahiru.

"Baba Husseni, umemfanyia nini Nasibu?"

Twahiru aliiangalia skrini muda mrefu. Akaweka kidole juu ya jina la saba.

"Nilitaka apate mapema. Mama Hajira, nilikuwa namfikiria Mama Hajira."

"Najua."

"Basi tufute hiyo moja tu, ya kumi na nane. Ukiondoa nane, mia na kumi na mbili inakuwa mia na nne. Hesabu imekaa."

"Jumla ya mwezi imekaa. Siku hazijakaa."

"Kila siku nane! Zimekaaje tena hazijakaa?"

"Sabasaba nane zipo, na si za Maji. Tarehe nane nane zipo, na alikuwa Lupaso kwenye mikorosho. Mimi silinganishi namba na namba, Baba Husseni. Nalinganisha namba na mtu. Na mtu mwenyewe wamemlaza Mkunya."

Twahiru akafuta uso kwa kitambaa. Alikuwa anajua kinachofuata, na hakukipenda: kwamba ile taimshiti haifutwi. Iliyokwisha kuwasilishwa inapigwa mstari mmoja, inabaki inasomeka, na aliyekosea anaandika kwa mkono wake amekosea nini, anaweka sahihi na tarehe. Karatasi hiyo mkuu wa mradi angeiandika juu yake mwenyewe, na mfadhili angeisoma.

"Watanifukuza, Mama Ziada."

"Huenda."

Ndivyo alivyo. Mwingine angesema hawatakufukuza. Yeye alisema huenda, akachukua mkoba.

Alhamisi alipanda bodaboda mpaka Mkunya. Vumbi la Julai ni jekundu na linaingia mpaka kwenye meno. Njiani alipishana na akina mama wenye madumu vichwani wakitoka kuchota kule bondeni, saa nzima kupanda, na hakuna hata mmoja wao anayeandika namba ya mradi. Alibisha hodi kwa Faidha, akaingia chumba cha ndani. Faidha alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta, amejifunika nguo nyeupe.

"Shikamoo, dada," alisema mjane.

"Marahaba, mdogo wangu. Umelala?"

"Nalala nikiamka. Twahiru alituma mtu, amesema pesa inakuja wiki hii."

Mama Ziada hakuzunguka. Alimweleza yote, hata ile Ijumaa. Faidha alisikiliza, halafu kwa mara ya kwanza tangu msiba kona ya mdomo wake ikacheza.

"Alikaa saa nane kwenye mkutano? Nasibu? Alikuwa hawezi kukaa hata nusu saa kwenye vikao vyenu." Kisha mdomo ukarudi mahali pake. "Kwa hiyo wanasema hakwenda kazini."

"Wanasema hawajui alikuwa wapi."

"Mimi nilikuwa namwamsha saa kumi na moja alfajiri. Viatu nimevipanga mimi mlangoni. Siku kumi na mbili nimevipanga, na moja ya Sabasaba alilala akavipaka rangi. Halafu mtu wa Masasi anasema hajui." Hakupandisha sauti. "Mama Ziada, pesa naitaka, nisikudanganye. Hajira ana mtihani. Lakini wasiniandikie kwamba mume wangu alikuwa anapokea mshahara akiwa amekaa kivulini."

"Daftari liko wapi?"

Lilikuwa chini ya godoro, ndani ya mfuko wa sukari. Mama Ziada alilifungua magotini, na michoro ikamtazama. Tarehe moja, ndoo, vijiti kumi na sita. Tarehe mbili, ndoo kumi, sufuria sita. Tarehe saba hakuna mchoro, ila bendera ndogo, imepakwa rangi kwa kalamu ya mtoto. Tarehe nane, korosho, vijiti kumi na sita. Alikuwa akisoma kimya kimya, na Faidha alikuwa akitazama midomo yake, kwa sababu sasa ilikuwa ni mwanamke mwingine anayesoma siku za mumewe na yeye ndiye aliyekuwa hazijui.

Tarehe tisa ilimsimamisha. Korosho kumi na tano. Ndoo tano.

"Vijiti ishirini," alisema. "Saa kumi."

"Ni siku ile alirudi giza limeshaingia. Alitengeneza mashine za salfa Lupaso, za kikundi, zilikuwa zimekufa zote na mikorosho inatoa maua. Halafu akapitia Masasi kuchukua vipuri vya pampu."

"Aliomba kibali cha ovataimu?"

"Kwa nani? Kwa mikorosho?"

Mama Ziada alifungua kalamu. Saa zilizolipwa siku ile ni nane, na taimshiti haiwezi kugawanya saa ambazo malipo yake hayapo. Lakini huwezi pia kukata mbili upande unaokupendeza, mradi mmoja ukaonewa na mwingine ukachekelea. Alikokotoa pembeni ya karatasi yake: kumi na tano katika ishirini ni robo tatu. Robo tatu ya nane ni sita, Korosho. Robo iliyobaki ni mbili, Maji. Kwenye nafasi ya maelezo akaandika: saa halisi za kazi kumi, saba na nusu kwa mbili na nusu.

"Na hizo mbili nyingine?" aliuliza Faidha, ambaye alikuwa anafuata kalamu.

"Alizitoa bure."

Faidha akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea salamu kutoka mbali.

Ukurasa wa mwisho. Tarehe kumi na saba: korosho, vijiti viwili. Hiyo ilikuwa asubuhi ofisini, saa moja na nusu mpaka mbili na nusu, mlinzi alimwona akifungua mashine uani. Kisha ndoo. Vijiti vitatu. Kisha weupe.

Wanawake wawili waliutazama ule weupe.

"Alianguka saa tano," Mama Ziada alisema. "Kuanzia mbili na nusu mpaka tano ni saa mbili na nusu. Vijiti vitano. Vipo vitatu."

"Alikuwa anachora kila akimaliza kitu." Faidha akanyoosha mkono. "Nipe kalamu. Nivichore vile viwili. Mwandiko wake naujua."

Mtu mwingine angempa. Mimi ningempa, na ningemshikia daftari. Mama Ziada alilifunga.

"Daftari la marehemu haliongezwi."

"Ni vijiti viwili tu, dada! Si kweli alikuwa pale? Si alifia pale?"

"Ni kweli. Ndiyo maana haviongezwi. Ukiviongeza, siku watakayogundua hivi viwili si mkono wake, watasema na vile vingine vyote si mkono wake."

Faidha alirudisha mkono mapajani. Hapo ndipo alipolia kwa sauti, na Mama Ziada alikaa naye mpaka akamaliza, na muda huo hakuuandika popote.

Kisha alikwenda kwenye pampu. Kamati ya maji ya Mkunya ina mwekahazina wake, Bi Hamida, mama wa makamo mwenye kitabu chake cha ndoo, na kitabu hicho kina nidhamu kuliko vya mashirika. Alikuwa ameandika: fundi amefika saa tatu kasorobo, ameshauri tusichote. Saa nne, ndoo ya kujaribu, maji yana kutu. Saa nne na nusu, ndoo ya pili, safi. Saa tano, fundi ameanguka.

"Alisema subirini ndoo ya tatu," alisema Bi Hamida. "Akainama kukaza nati. Tukadhani anatafuta spana."

Aliandika maelezo yake kwa mkono, akatia sahihi, na kwa kuwa ni mtu wa vitabu alidai abaki na nakala. Mama Ziada akajaza siku ya mwisho ya Nasibu Swalehe hapohapo, amesimama, karatasi juu ya tangi. Korosho, saa moja. Maji, mbili na nusu, pamoja na mwendo wa kutoka ofisini. Hizo ni tatu na nusu. Kanuni ya shirika inasema aliyeugua akiwa kazini analipwa siku nzima, kwa hiyo saa nne na nusu zilizobaki haziwezi kuwa za ndoo wala za korosho, maana hakuzifanya. Zikaenda mia tisa hamsini, ugonjwa. Moja, mbili na nusu, nne na nusu. Nane.

Aliitazama ile nane. Haikumfurahisha hata kidogo.

Ijumaa ilimkuta Lupaso, ambako kikundi cha wakulima wa korosho walikuwa na orodha ya mashine zilizotengenezwa, tarehe na majina ya wenye mashine. Walimchinjia kuku. Hakuweza kukataa kuku, lakini aliwakatalia kumwandikia Nasibu siku ya tatu ya bure, ambayo walikuwa tayari kuapa kwa ajili ya mjane. "Mkimwongezea mnamwibia," aliwaambia, na wakawatafsiria wazee kwa Kimakua, na wazee wakatikisa vichwa wakiona kwamba mjini watu wana dini nyingine.

Jumatatu aliweka karatasi zote mezani mbele ya Twahiru. Taimshiti ya kwanza, imepigwa mstari mmoja kila safu. Taimshiti mpya, siku kumi na tatu: Maji saa hamsini na moja na nusu, Korosho ishirini na mbili, Lishe kumi na sita, kikao cha ofisi mbili, sikukuu na ugonjwa kumi na mbili na nusu. Nafasi ya sahihi ya mfanyakazi: marehemu, tazama viambatanisho. Nafasi ya sahihi ya msimamizi: tupu. Na karatasi moja nyeupe.

"Nisipoandika?"

"Nitaandika mimi kwamba hukutaka."

"Mama Ziada, nina watoto watano."

"Nasibu ana mmoja, na viatu vilivyopakwa rangi."

Twahiru aliandika mistari minne. Kwamba alijaza bila kuulizia, kwa kukisia. Kwamba tarehe kumi na nane marehemu hakuwa mkutanoni bali ndiye aliyekuwa anazikwa. Kwamba wenzake kumi na mmoja nao hawakuwa kwenye mkutano wa jamii bali msibani, kwa ruhusa ya Mkurugenzi, na saa zao zihamishwe kutoka 210 kwenda 900, shughuli za pamoja. Alipofika kwenye sahihi, akaweka kalamu chini, akasema, "Yule mtu alinitengenezea jenereta la nyumbani na akakataa hela," akaichukua tena, akatia.

Masasi, Lameck alikagua kwa muda wa saa mbili mbele yake. Alihesabu vijiti kwa ncha ya kalamu. Alilinganisha tarehe na kitabu cha getini, cha getini na orodha ya mishahara, na kila siku aliyoipitisha aliiwekea alama ya vema, kidogo, kama anayeogopa kuiumiza. Kwenye tarehe tisa alisimama.

"Hii ni kumi."

"Aliyofanya kumi. Aliyolipwa nane. Nimegawanya nane kwa uwiano wa kumi."

"Ni sahihi." Akageuza ukurasa, akaufikia ule wa mwisho, ndoo na vijiti vyake vitatu, na maelezo ya Bi Hamida yamebanwa juu yake. Alikaa hapo kuliko kote. Kisha yule kijana wa risiti akauliza, kwa sauti ambayo hakuitumia kwenye simu, "Ile ndoo ya tatu ilikuwaje?"

"Hawakuichota."

Lameck alitia sahihi. Tarehe thelathini malipo yalimfikia Faidha kwenye simu, ya saa mia moja na nne, hakuna iliyopungua. Twahiru alipewa onyo la maandishi. Hakufukuzwa, kwa sababu mfadhili wa maji, baada ya kusoma mistari minne, alijibu kwa barua akisema hili ndilo shirika la kwanza kukubali kosa kabla hajaligundua yeye.

Na kwa kuwa mfadhili ameandika barua, uongozi ukaona lazima mtu apewe cheti.

Ijumaa basi, ukumbi wa Masasi, viti vya plastiki, soda kama zilivyoahidiwa. Mkurugenzi alizungumza dakika arobaini kuhusu uadilifu, na dakika hizo wafanyakazi thelathini waliziandika namba 900. Alisema mwanamke huyu ni nguzo. Alisema ni mizani. Alisema vizazi vitasoma. Alimwita mbele, akamkabidhi cheti ndani ya fremu yenye maua ya plastiki, akampa kipaza sauti, na ukumbi mzima ukapiga makofi ya paa kutikisika.

"Mama yetu," Mkurugenzi akasema, amefumba macho kwa hisia, "tuambie neno moja. Leo, ukiitazama taimshiti ile ya marehemu, moyo wako unasemaje?"

Mama Ziada alikisogeza kipaza sauti mbali kidogo na mdomo.

"Tarehe tisa alifanya saa kumi. Mmelipa nane."